Baba Yangu Amezaliwa Tayari

Binti yetu wa tatu alipozaliwa, mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa baba yangu. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, viatu bado vimefunikwa na ile karatasi ya plastiki wanayokupa kabla ya kukaribia chumba cha upasuaji. Nikamwambia mtoto yuko salama, mama pia, ingawa amepoteza damu na wanamwongezea chupa ya pili. Baba akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Ni nani?"

Kwetu Murang'a hatuulizi kama ni msichana au mvulana. Tunauliza ni nani amezaliwa.

"Ni dada yangu," nikamjibu.

Kimya. Nikasikia jogoo upande wake, nikasikia akikohoa. "Haya," akasema. "Mungu hajalala."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini mke wangu alikuwa upande wa pili wa mlango akishonwa tumbo kwa mara ya tatu, na mimi nilikuwa nimefarijiwa kama mtu aliyefiwa.

Ili uelewe kilichokuwa kikiliwa mwaka huo wote lazima uelewe majina. Mvulana wa kwanza huitwa jina la babake baba, wa pili jina la babake mama. Msichana wa kwanza huitwa nyanya wa upande wa baba, wa pili nyanya wa upande wa mama. Wakiisha hao, unaanza kuita ndugu za baba na za mama kwa zamu. Si heshima tu. Anayeitwa amezaliwa upya. Mimi ni mvulana wa kwanza, kwa hiyo ndimi babu yangu, na baba, mzee wa miaka sabini na kitu, huniita "baba" bila kucheka. Binti yetu wa kwanza ni mama yangu, ndio maana nyumbani tunamwita Shosho. Wa pili ni mama mkwe. Wa tatu ni dada yangu mkubwa, na wenzake wanamwita Tata.

Kwa mahesabu hayo, baba yangu pekee ndiye hajazaliwa. Mke wake amezaliwa, binti yake amezaliwa, hata mama mkwe wangu, ambaye baba humwona mara mbili kwa mwaka kwenye harusi na mazishi, amezaliwa. Yeye bado amesimama mlangoni. Na mimi ndiye kijana wake wa pekee.

Wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali nyumba yetu ya Kahawa West ilijaa watu. Wamama walileta uji na njahi, wakambeba mtoto, wakamgeuza huku na huku, wakasema mrembo, halafu kabla ya kuondoka mmoja baada ya mwingine akamwinamia mke wangu sikioni. Najua walichosema kwa sababu usiku alikuwa ananirudishia. Shangazi yangu alisema ajaribu kulala upande wa kulia. Jirani wa ghorofa ya pili alisema mumewe apunguze sukari na ale nyama zaidi. Binamu yangu, dada msomi mwenye digrii, alimtumia kalenda kwenye simu ya siku gani za mwezi mtu akikutana na mumewe anapata kijana. Mwingine akasema shida ni damu yake, kwao wanazaa wasichana tu.

Hili la damu ndilo lililomuuma. "Na wewe ndiye unaleta hiyo Y," aliniambia, "mimi sina."

Ana haki. Yai la mwanamke siku zote hubeba X. Mbegu ya mwanamume ndiyo hubeba X au Y, na yoyote itakayofika kwanza ndiyo huamua. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa mabinti watatu, basi ni mimi, na hata mimi sina la kufanya. Kila mimba ni sarafu mpya. Ile sarafu haikumbuki iliangukaje mara ya mwisho, haikuhurumii kwa sababu umeshapata wasichana watatu, wala haisomi kalenda ya binamu. Ukichukua familia nane zenye watoto watatu, kwa wastani moja itakuwa na wasichana watupu. Katika ploti yetu ni sisi. Lazima mtu awe yeye.

Lakini watu hawaoni sarafu, wanaona foleni. Wanadhani wasichana wakishapita watatu, sasa ni zamu ya kijana, na ukitoka kwenye foleni saa hii umejikosesha mwenyewe. "Mmoja tu wa mwisho," wanakwambia. Nina mama mdogo aliyeambiwa hivyo baada ya wa tatu, na baada ya wa tano, na baada ya wa saba.

Na sisi tulikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho mezani. Watoto wetu wote wamezaliwa kwa upasuaji. Siku tuliporudi kutolewa nyuzi, daktari alituweka chini sote wawili. Akachora tumbo la uzazi kwenye kipande cha karatasi, umbo kama la avokado lililogeuzwa, halafu akapiga mstari upande wa chini. "Hapa ndipo nimepasua mara tatu, palepale," akasema. Akaeleza kwamba mimba ijayo, kondo la nyuma linaweza kujishika juu ya kovu hilo badala ya mahali pake, na likishika hapo linaweza kuota mizizi ndani ya kovu lenyewe. Wakati wa kuzaa kondo linatakiwa libanduke. Hilo halibanduki. Ukilivuta, damu inakuja kama bomba limepasuka, na mara nyingi njia ya kumwokoa mama ni kuutoa mfuko wote wa uzazi. Hatari hiyo huongezeka kwa kila upasuaji. Kisha akasema kitu kingine: safari hii alimkuta tumbo limeshikana ndani, kibofu kimegandana na kovu, ndiyo maana ilichukua muda na ndiyo maana damu ilipotea.

"Sijasema haiwezekani," akasema. "Nimesema mjue mnachonunua."

Kwenye matatu ya kurudi nyumbani mke wangu alikunja ile karatasi akaitia kwenye pochi. Bado anayo.

Kuna jambo lazima nikiri hapa. Kabla ya upasuaji huo wa tatu, nesi alituuliza kama tungependa mirija ifungwe palepale, kwa kuwa tumbo lingekuwa limefunguliwa tayari. Ni dakika chache tu za ziada. Mke wangu alinitazama. Mama yangu alikuwa ameketi pembeni ya kitanda na akasema, kwa upole kabisa, "Mwache kwanza tuone ni nani." Nami nikasema, "Ndio, tungoje." Hakuna aliyenishika koo. Nilingoja sarafu ianguke, kama wao.

Mtoto alipofikisha miezi minne, mdogo wake baba aliniita. Tulikutana kwenye hoteli moja karibu na steji, mahali pa chai ya maziwa na mandazi makubwa. Alinizungusha kwanza na habari za majani chai na bonasi, halafu akafika.

"Kijana wa kaka, mimi sikwambii uoe mke wa pili. Najua mlifunga kanisani, na sheria za siku hizi nazijua. Lakini mwanamume ni mwanamume. Unaweza kutafuta kijana huko nje, polepole, bila kelele. Akikua unamleta nyumbani, anaitwa jina la mzee, na mambo yanaisha. Mama watoto wako hata hatasumbuka tena kupasuliwa."

Aliiweka kama huruma kwa mke wangu. Hilo ndilo lililonitisha, jinsi lilivyoingia akilini vizuri. Nilimaliza mandazi yangu. Sikumkatalia. Nilisema nitafikiria, kwa sababu ndivyo tunavyowajibu wazee, na nikalipa bili.

Nilikaa na maneno hayo siku tatu, halafu nikamwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Ulimwambia hapana?"

"Nilimwambia nitafikiria."

"Basi bado unafikiria."

Usiku huo ndipo tulipozungumza kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Alisema akifunga yeye mirija, kesi itakuwa imeisha upande wake tu. Kwa ukoo wetu atakuwa mwanamke aliyefunga mlango kabla kijana hajaingia, na mimi nitabaki mwanamume mzima mwenye uwezo, anayeombewa. Ushauri wa baba mdogo utapata miguu. "Wakikuona bado unaweza," akasema, "hawatachoka. Na siku moja wewe utachoka kuwakatalia."

Sikuwa nimewahi kuliwaza hivyo. Kila mtu alikuwa akiongea juu ya mwili wake, na mwili wangu ndio uliokuwa umeachwa wazi kama akiba.

Nilienda kliniki mwezi uliofuata. Watu wanaliogopa hilo neno, vasektomi, na boma zima la wanaume hudhani unahasiwa kama fahali, kwa hiyo nitaeleza kilichotokea. Kwanza mshauri alinihoji peke yangu kwa karibu nusu saa. Je, nimelazimishwa? Je, mtoto wangu mmoja akifa nitajutia? Je, nikiachana na mke wangu nikaoa mwingine? Aliniambia kuna upasuaji wa kujaribu kuunganisha tena, ila hauhakikishiwi, kwa hiyo niichukulie kama ya kudumu. Nikatia sahihi. Kisha nikalala, nikachomwa sindano ya ganzi, hiyo ndiyo ilikuwa sehemu mbaya zaidi, na daktari akatoboa tundu dogo kwenye ngozi ya korodani. Kupitia hapo alivuta mirija miwili inayopitisha mbegu, mmoja baada ya mwingine, akaikata na kuifunga. Dakika kama ishirini. Hapakuwa na nyuzi za kutoa. Korodani zenyewe haziguswi, homoni zinaendelea kuingia kwenye damu kama kawaida, na shughuli za chumbani zinabaki vilevile. Nilirudi kejani nikakaa juu ya pakiti ya njegere iliyoganda, nikatazama mpira.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi, au wanaambiwa na kusahau, ni kwamba haifanyi kazi siku hiyo. Mbegu zilizokuwa zimeshavuka mahali palipokatwa bado zimo njiani. Kwa hiyo miezi mitatu tuliendelea na kondomu, kisha nikapeleka sampuli maabara ili waangalie kwa darubini. Yule wa maabara akaandika kwamba hakuna mbegu iliyoonekana. Nilimpigia mke wangu simu kutoka kwenye ngazi za jengo hilo, na yeye, aliyevumilia visu vitatu bila neno, akalia.

Tuliwaambia Disemba, siku moja kabla ya Krismasi, baada ya chakula. Nilisema mwenyewe, kwa Kikikuyu, mbele ya baba, mama, baba mdogo na dada zangu wawili. Sikumtaja daktari kwanza wala kovu, kwa sababu sikutaka mke wangu awe sababu. Nilisema, "Nimefunga uzazi. Mimi, si yeye. Watoto wetu ni hawa watatu."

Mama aliuliza kama inaweza kufunguliwa. Baba mdogo akauliza kama nimerogwa. Akasema boma letu limefungwa, kwamba nimemzika baba yangu akiwa hai. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamuuliza Gikuyu na Mumbi walikuwa na wana wangapi wa kiume. Hakujibu, kwa sababu kila mtoto wa kwetu anajua jibu. Hawakuwa na hata mmoja. Walikuwa na mabinti tisa, au kumi ukihesabu kama wazee wanavyohesabu, na Gikuyu alienda chini ya mugumo kuomba waume wa binti zake. Ukoo wa kila mtu aliyeketi katika sebule ile unaitwa jina la mmoja wa wasichana hao.

"Hizo ni hadithi," baba mdogo akasema.

"Na hili la kuzaliwa upya ni nini?" nikamwuliza, na hapo nikajua nimevuka mpaka, nikanyamaza.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyevunja kile kimya. Yeye ana vijana wawili. Wa kwanza ameitwa babake mumewe, na wa pili, kama desturi inavyotaka, ameitwa baba yetu. Sasa ana miaka kumi na moja na anatembea kama baba, mikono nyuma.

"Baba amezaliwa tayari," akasema. "Yule pale nje anacheza mpira. Kwa nini hahesabiwi?"

Hakuna aliyemjibu, lakini jibu lilikuwa wazi. Kijana yule ana jina la baba ila ana boma la watu wengine. Hatarithi hapa. Kwa hiyo halikuwa suala la jina wala roho, wala mtu kusimama mlangoni. Lilikuwa shamba. Ekari tatu, chai upande wa juu, maparachichi upande wa chini karibu na mto.

Nikaona nimepata nafasi, nikaanza kuongea juu ya sheria. Nilikuwa nimesoma. Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka wa 1981 na haisemi mwana wa kiume, inasema watoto. Katiba ya 2010 ikakazia. Nikawaambia kesi ya Rono, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka wa 2005: mzee alikufa bila wosia, nyumba moja ilikuwa na wana wa kiume, nyingine mabinti watupu, na Mahakama Kuu ikawapunguzia mabinti kwa sababu eti wataolewa. Mahakama ya Rufani ikakataa hoja hiyo. Nilisema kwa hiyo mabinti zangu wanaweza kurithi shamba hili kama kijana yeyote.

Dada yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, taratibu, "Na mimi je?"

Nilifungua mdomo, sikupata neno.

"Umesema mabinti wa mtu wanarithi. Mimi ni binti ya huyu mzee. Yule pale ni binti ya huyu mzee. Tangu nikiwa mdogo najua shamba hili ni lako, na wewe hujawahi kusema vinginevyo. Umeenda kutafuta sheria siku ilipowafikia watoto wako."

Nimezoea kujiona katika hadithi hii kama mtu aliyesimama upande wa mkewe. Nilikuwa hivyo, mwishowe. Lakini kwa miaka thelathini na minane nimekuwa yule kijana aliyengojewa. Dada zangu wawili walizaliwa kabla yangu, na sasa najua walipokelewaje, kwa sababu nimesikia ile simu ya saa kumi na moja. Mimi ndimi ile "Mungu hajalala." Karo yangu ililipwa kwanza. Kiti changu kilikuwa karibu na baba. Na ekari tatu zilikuwa zinaningoja kimya kimya, huku dada zangu wakitarajiwa siku moja kwenda kortini kutia sahihi karatasi ya kusema hawataki kitu, kama wanavyofanya wengi kwetu ili wasiitwe wachoyo. Sheria ipo, lakini inamfikia tu yule anayekataa kutia sahihi.

Nikamwambia, "Una haki. Tugawane." Nilisema mbele ya baba ili nisiweze kurudi nyuma. Sauti yangu haikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nikihesabu: ekari tatu kwa tatu.

Baba hakusema lolote usiku ule. Alichukua tochi yake akaenda kulala. Mama alitoa vyombo. Baba mdogo aliondoka bila kuaga, na mpaka leo, akinihitaji, humtuma mtu.

Sitasema yameisha. Kwenye kikundi cha Wasapu cha familia bado mtu hutuma picha ya mtoto mchanga wa kiume na kuandika "amina" huku akijua nani atasoma. Mama bado hutaja jina la daktari fulani wa kufungua. Wosia haujaandikwa, na nimemwomba baba mara mbili aandike wakati mikono yake bado haitetemeki, tuwe watoto watatu humo, si mmoja.

Lakini asubuhi ya Krismasi niliamka nikamkosa Shosho, yule mkubwa wetu wa miaka tisa. Nilimkuta kule chini ya shamba na baba. Kwa kuwa ana jina la mama, baba humtania akimwita "mke wangu," na yeye humwomba pesa ya matumizi. Walikuwa wamesimama kando ya mstari wa matoka, yale mayungiyungi ambayo wazee walipanda mipakani kwa sababu ukiyang'oa huota tena. Baba alikuwa akimwonyesha kwa fimbo: hapa ndipo petu, pale ni kwa jirani, na huyo jirani ana tabia ya kusogeza.

"Hesabu," alimwambia. "Ukija peke yako siku moja, uhesabu. Ni ishirini na sita."

Mtoto akaanza kuhesabu akitembea. Baba aliponiona alijifanya anakagua parachichi.